Moto Umewaka Wakati wa Kujaza Jenereta Petroli: Namna ya Kuutolea Taarifa Hatua kwa Hatua

Umeme ukikatika Dodoma, dakika chache tu baadaye unasikia jenereta zinanguruma kuanzia Majengo hadi Nkuhungu. Saluni, stesheni za kopi, maduka ya vinywaji baridi na mafundi wa kuchomelea wote wana kajenereta kadogo nje ya mlango wa nyuma. Moto ukitokea wakati wa kukajaza mafuta, maswali ninayoulizwa huwa ni yale yale. Nimpigie nani kama nimeshauzima? Niandike nini kwenye taarifa? Bima watalipa mashine iliyojaa unga wa mtungi? Niseme ilikuwa shoti?

Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloharibu taarifa nyingi. Usiandike shoti kama haikuwa shoti. Petroli iliyomwagika juu ya injini ya moto huacha alama zake. Rangi ya tanki huungua kuanzia kwenye mdomo wa kujazia, upande wa ekzosi huwa mweusi kuliko upande wa soketi, na sakafu hubaki na doa linalofuata mteremko. Mkaguzi wa Zimamoto au mkadiriaji hasara wa bima atayasoma hayo kabla hajasoma karatasi yako, na akikuta karatasi inasema kingine, hata mambo ya kweli uliyoandika atayatilia shaka.

Mwongozo huu unahusu jenereta ndogo ya petroli kwenye biashara ndogo. Ya dizeli ina tabia tofauti, kwa kuwa dizeli haitoi mvuke unaoshika moto kirahisi kwenye joto la kawaida. Petroli hutoa mvuke huo muda wote, hata asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa chini badala ya kupanda juu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza kuandika

- Simu yenye kamera na chaji ya kutosha
- Daftari na kalamu (usitegemee kumbukumbu ya kichwa)
- Futi ya mkanda
- Risiti za EFD za vitu vilivyoungua, au picha zake
- Stakabadhi ya mara ya mwisho mitungi ya kuzimia moto ilipokaguliwa au kujazwa
- Cheti cha ukaguzi wa Zimamoto, leseni ya biashara na mkataba wa bima kama unao
- Majina na namba za simu za walioshuhudia

Usipokuwa na risiti au stakabadhi, anza hivyo hivyo. Nitaeleza baadaye cha kufanya.

Ili tusiongee hewani, nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Ni stesheni ya kopi na uchapaji huko Nkuhungu. Jenereta ni ya kVA 2.5, imekaa kwenye uchochoro nyuma ya chumba. Ndani kuna mashine ya fotokopi, kompyuta mbili, printa na mashine ya laminesheni. Mtungi wa unga mkavu wa kilo 6 umetundikwa ukutani nyuma ya mashine ya fotokopi, na mwingine wa gesi ya kaboni wa kilo 2 uko karibu na kompyuta. Mhudumu ni mmoja, na mwenye biashara yuko sokoni Majengo.

Hatua ya 1: Piga 114, hata kama moto umeshazimika

114 ndiyo namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ikikataa, piga 112 ya polisi uombe waunganishe. Usianze kwa kueleza moto ulivyotokea. Anayepokea simu anahitaji mambo manne tu ili gari litoke: uko wapi, kinawaka nini, kuna mtu ndani au aliyeungua, na jirani na moto kuna kitu gani cha hatari.

Kwa mfano wetu, simu nzuri ingekuwa hivi:

"Moto uko Nkuhungu, uchochoro wa nyuma ya stesheni. Ukitoka barabara ya lami unaingia kushoto kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kijana amesimama pale na fulana nyekundu. Inawaka jenereta na petroli iliyomwagika. Ndani hakuna mtu, mhudumu ameungua mkono. Kuna dumu la petroli halijawaka, liko mita tatu kutoka kwenye moto, na jirani ni mama lishe mwenye mtungi wa gesi."

Mtaa peke yake hautoshi. Vitongoji vyetu vinakua haraka na vibao vya mitaa havijafika kila mahali, kwa hiyo taja alama inayoonekana na dereva akiwa barabarani, kisha mtume mtu akasimame hapo. Usikate simu mpaka aliyepokea aseme imetosha.

Kosa la kawaida ni kutopiga simu kwa kuwa moto umezimwa na majirani. Ukifanya hivyo hakuna ofisa atakayekuja kuona eneo likiwa bado bichi, na baadaye ukihitaji ripoti ya Zimamoto hakutakuwa na tukio kwenye daftari lao. Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Unga mkavu huua mwali lakini haupozi chuma. Ekzosi ikiwa bado na joto na mvuke wa petroli ukiendelea kutoka, moto hurudi.

Hatua ya 2: Aliyeungua kwanza

Mvue nguo zilizolowa petroli, isipokuwa zilizoganda kwenye ngozi. Mwagia palipoungua maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali wala mafuta. Kisha mpeleke hospitali. Fomu ya PF3 ya polisi itahitajika kwa majeraha ya ajali, lakini mtu mwenye hali mbaya aanze kutibiwa, mwingine akimbilie kituoni kuichukua. Hifadhi nakala ya PF3 na ya maelezo ya daktari, maana zote zitaingia kwenye faili lako.

Hatua ya 3: Zuia mikono, kisha piga picha

Watu wema ndio huharibu eneo. Moto ukiisha, mmoja anainua jenereta iliyolala, wa pili anafagia mchanga na wa tatu anatupa dumu lililoyeyuka. Zungushia kamba, au weka viti. Kinachoruhusiwa kusogezwa ni kile tu kinachoweza kuwasha moto tena, kama lile dumu zima la petroli, na ukilisogeza andika lilikuwa wapi na umelipeleka wapi.

Piga picha kutoka mbali kwenda karibu. Ya kwanza ionyeshe uchochoro wote pamoja na mlango, inayofuata jenereta na vitu vinavyoizunguka, halafu ndiyo usogee kwenye vitu vidogo. Hivyo vidogo ndivyo vinavyoeleza kisa:

- Swichi ya jenereta iko kwenye kuwaka au kuzima?
- Koki ya mafuta imefunguliwa au imefungwa?
- Kifuniko cha tanki kiko wapi? Kimekaa mahali pake, kinaning'inia au kiko chini?
- Faneli ilikuwepo? Ya chuma, ya plastiki, au chupa ya maji iliyokatwa?
- Dumu lilikuwa upande gani wa ekzosi?

Weka futi ya mkanda ndani ya picha unapopiga umbali. Usijaribu kuwasha jenereta "kuona kama bado inafanya kazi". Ukifanya hivyo unaweza kuwasha moto mwingine, na pia utakuwa umebadilisha hali ya swichi na koki ambazo zilikuwa ushahidi wako.

Andika na upepo ulivumia wapi. Kwa hapa kwetu jambo hili si dogo. Kiangazi upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu mchana, na kwenye uchochoro hubadilika kuwa kama wa kwenye bomba. Upepo huo ndio unaopeleka mvuke mpaka kwenye jiko la jirani, na ndio unaorudisha unga wa mtungi usoni kwa anayezima.

Hatua ya 4: Andika mfuatano wa saa siku hiyo hiyo

Usiulize watu "ilikuwa saa ngapi". Kila mmoja atakupa jibu lake. Fungua simu. Historia ya simu inaonyesha ulipiga 114 dakika gani, picha zina saa yake, na ujumbe wa mteja wa mwisho aliyelipa kwa simu unakuambia mhudumu alikuwa bado ndani wakati gani. Hizo ndizo nguzo zako, na mambo mengine yote unayapanga katikati yake ukiandika "takriban".

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Simu inasema 14:09, mhudumu anasema saa nane na dakika tisa, na mwandishi wa taarifa anaandika "2:09". Msomaji wa bima aliyeko Dar es Salaam hajui kama ni saa mbili asubuhi au nane mchana. Andika zote mbili kila mara: saa 8:09 mchana, yaani 14:09.

Mfano wetu unakuwa hivi:

> Saa 5:10 asubuhi (11:10) umeme ulikatika. Takriban dakika mbili baadaye mhudumu aliwasha jenereta. Saa 8:05 mchana (14:05), kwa mujibu wa mhudumu, jenereta ilizimika yenyewe kwa kuishiwa mafuta. Takriban saa 8:08 (14:08) alianza kujaza petroli kutoka kwenye dumu, akitumia chupa ya plastiki iliyokatwa kama faneli. Takriban saa 8:09 (14:09) aliona moto juu ya tanki upande wa ekzosi, akaliachia dumu. Saa 8:10 (14:10) jirani alipiga 114, simu ipo kwenye historia. Saa 8:27 (14:27) gari la Zimamoto lilifika.

Soma tena sentensi ya jenereta kuzimika. Haikuzimwa na mtu, iliishiwa mafuta baada ya kufanya kazi karibu saa tatu mfululizo, na ikaanza kujazwa baada ya dakika tatu. Ekzosi ya jenereta iliyofanya kazi muda huo huwa na joto la kutosha kuwasha mvuke wa petroli bila cheche yoyote, na dakika tatu hazitoshi kuipoza. Wengi wanaamini injini ikinyamaza hatari imekwisha. Ndiyo maana dakika kati ya kuzimika na kujaza ni lazima ziwemo kwenye taarifa, hata kama zinakuumiza.

Hatua ya 5: Eleza mafuta yalihifadhiwaje

Sehemu hii huandikwa kwa mstari mmoja: "Mafuta yalikuwa kwenye dumu." Haitoshi. Atakayesoma anataka kujua chombo, kiasi, mahali na njia ya kuyafikia.

Chombo: ni dumu la aina gani, la lita ngapi, lilikuwa la nini kabla? Dumu la njano la mafuta ya kula halikutengenezwa kwa petroli. Kifuniko chake hakizuii mvuke, na linapoguswa na joto hulainika na kupasuka. Kama ndilo mlilokuwa mkitumia, liandike kama lilivyo. Kama ni dumu la chuma lenye kifuniko cha kubana, liandike pia, kwa sababu hapo una jambo la kukusaidia.

Mahali: ndani au nje, kwenye jua au kivulini, mita ngapi kutoka kwenye jenereta, mita ngapi kutoka kwenye mlango wa kutokea. Dumu likiwa chini ya meza ndani ya chumba kisicho na dirisha, mvuke unajikusanya sakafuni. Likiwa kwenye mlango pekee wa kutokea, moto ukianza hapo mtu hana pa kupita.

Kiasi: hapa ndipo watu hutunga namba. Tufanye hesabu ya mfano wetu. Asubuhi zilinunuliwa lita 10, risiti ipo. Baada ya moto, Zimamoto walipolikagua dumu waliona kumebaki kama lita 2. Kwa hiyo lita 8 zilitoka kwenye dumu. Sehemu iliingia kwenye tanki, sehemu ikamwagika, sehemu ikaungua. Unaweza kujua zilivyogawanyika? Huwezi, kwa kuwa tanki lilikuwa wazi na moto ulikuwa mdomoni mwake. Andika hivyo hivyo:

> Lita 10 zilinunuliwa asubuhi (risiti imeambatishwa). Takriban lita 2 zimekutwa kwenye dumu. Mgawanyo wa lita 8 zilizobaki kati ya tanki, sakafu na kilichoungua haukuweza kupimwa. Dumu la pili lenye takriban lita 5 lilikuwa mita 3 kutoka kwenye jenereta na halikuwaka. Lilihamishwa na mhudumu saa 8:16 mchana (14:16) kwenda upande wa mbele wa jengo.

Mstari huo wa "haukuweza kupimwa" una nguvu kuliko namba ya kubuni. Ukiandika "zilimwagika lita 3" utaulizwa ulizipimaje.

Hatua ya 6: Eleza mitungi ya kuzimia moto

Kwa kila mtungi andika aina yake, uzito wake, ulipotundikwa, ulikaguliwa lini mara ya mwisho, nani aliutumia na ulifanya nini. Usiandike "mitungi ilitumika". Mitungi miwili ya mfano wetu ina visa viwili tofauti.

Mtungi wa unga wa kilo 6 ulikuwa nyuma ya mashine ya fotokopi. Mhudumu alilazimika kusogeza boksi la karatasi ili aufikie. Alivuta pini, akapuliza, mwali ukazimika. Akadhani umekwisha, akaachia mkono na kusogea kutazama. Takriban dakika moja baadaye mwali ulirudi upande wa ekzosi, akapuliza tena mpaka mtungi ukaisha. Mtungi wa ukubwa huo hutoa unga kwa sekunde kama 15 tu, hivyo mara ya pili hakuwa na akiba. Fundi cherehani wa jirani ndiye aliyemalizia kwa mchanga.

Mtungi wa gesi ya kaboni ulipulizwa na mpita njia akiwa upande ambao upepo ulikuwa unatokea mbele yake. Gesi ile huzima kwa kufukuza hewa, na kwenye uchochoro wenye upepo hupeperushwa kabla haijafanya kazi. Haukuwa mbovu. Ulikuwa wa kompyuta, ukatumika mahali pasipo pake, na taarifa iseme hivyo ili asije mtu akamlaumu aliyeujaza.

Sasa tazama geji. Mtungi wa unga una mshale, na sehemu ya kijani maana yake ulikuwa na msukumo wa kutosha. Baada ya kutumika mshale utakuwa umeshuka, kwa hiyo hali ya kabla ya moto utaithibitisha kwa kadi ya ukaguzi inayoning'inia shingoni au kwa stakabadhi. Mtungi wa gesi ya kaboni hauna geji ya namna hiyo, hupimwa kwa uzito. Piga picha kadi, pini iliyovutwa na mdomo wa bomba. Usiupeleke kujazwa kabla mkaguzi hajauona, lakini ukishaonwa ujazwe hata kama ulipulizwa kidogo tu, kwani chembe za unga hubaki kwenye vali na msukumo huvuja polepole.

Na kama mtu alimwaga maji, usilifiche. Petroli huelea juu ya maji na kusambaa nayo. Doa la kuungua lililofika mbali na jenereta mkaguzi ataliuliza, na jibu lake liko kwenye ile ndoo.

Hatua ya 7: Orodhesha hasara kwa kilichoiharibu

Orodha nyingi hutaja kitu na bei. Ongeza safu moja: kitu hicho kiliharibiwa na nini? Moto, joto, moshi, unga wa mtungi au maji. Kwa mfano wetu:

Jenereta imeungua kwa moto. Mlango wa mbao umeungua upande wa nje. Kingo za dari zimepinda kwa joto. Rimu 14 za karatasi zimelowa maji ya Zimamoto. Mashine ya fotokopi haikuguswa na moto kabisa, ila unga uliingia ndani yake kupitia mlango wa nyuma.

Mashine hiyo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko vyote, na ndiyo ambayo wengi huipoteza kwa pupa. Unga wa mtungi hunyonya unyevu, kisha hula shaba na chuma polepole. Ukiiwasha kujaribu, feni inauvuta mpaka kwenye saketi. Ichomoe, ifunike na kitambaa kikavu, mwite fundi, na fundi aandike alichokuta kabla hajasafisha. Kwa kawaida hasara iliyotokana na kuzima moto huhesabiwa pamoja na hasara ya moto wenyewe, lakini kipengele cha mkataba wako ndicho kinachoamua, kwa hiyo kisome.

Bei: andika mwaka wa kununua na bei ya wakati huo, sio bei ya mpya ya leo peke yake. Mikataba mingi hukata uchakavu. Kisha kuna jambo linalowashtua wafanyabiashara wadogo siku ya malipo. Tuseme mali zote za stesheni zina thamani ya shilingi 10,000,000, lakini ulikata bima ya shilingi 6,000,000 ili ada iwe ndogo. Hasara ni shilingi 2,000,000. Unatarajia 2,000,000, kwa kuwa ni chini ya 6,000,000. Kama mkataba una kipengele cha uwiano, bima watasema ulikinga sehemu sita kati ya kumi za mali, nao watalipa sehemu sita kati ya kumi za hasara, yaani shilingi 1,200,000. Usijaribu kukwepa hilo kwa kupandisha bei kwenye orodha. Bei zilizokuzwa ndizo za kwanza kuhojiwa.

Mauzo yaliyokosekana yaandike kwenye karatasi tofauti, ukiambatisha ripoti za EFD za siku za kawaida. Bima ya moto ya kawaida mara nyingi haiyalipi mpaka uwe umekata kinga ya aina hiyo.

Hatua ya 8: Andika chanzo bila kujifanya mkaguzi

Tenga mambo matatu kwa vichwa vidogo: tulichoona, tulichoambiwa, tunachodhani. Kwa mfano:

> Tulichoona: kifuniko cha tanki kilikuwa chini, swichi ilikuwa upande wa kuwaka, chupa iliyokatwa imeyeyukia juu ya tanki upande wa ekzosi.
> Tulichoambiwa: mhudumu anasema upepo uliyumbisha chupa na petroli ikamwagika juu ya jenereta.
> Tunachodhani: petroli au mvuke wake uligusa ekzosi iliyokuwa bado na joto. Uthibitisho tunauachia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mhudumu aandike maelezo yake mwenyewe kwa maneno yake na kusaini. Usimwandikie. Na usimwekee neno "uzembe" kwenye taarifa, wala la kumtetea. Andika alichofanya, na uandike pia kama aliwahi kuelekezwa namna ya kujaza, au hakuwahi.

Hatua ya 9: Peleka taarifa panapohusika

Zimamoto: nenda ofisi ya mkoa au wilaya ukaombe ripoti ya tukio kwa barua, ukitaja tarehe, saa na mahali. Jeshi hili linafanya kazi chini ya Sheria Na. 14 ya 2007.

Polisi: toa taarifa upate namba ya RB. Bima watakuuliza.

Bima: wajulishe siku hiyo hiyo kwa simu na ujumbe wa maandishi, hata kama orodha ya hasara haijakamilika. Mikataba huweka muda wa kujulisha, na orodha hufuata baadaye.

Kama mfanyakazi ameumia: OSHA, chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kwa WCF mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 7. Kuwa na mhudumu mmoja tu hakukuondoi kwenye wajibu huo.

Mwenye nyumba na ofisi ya serikali ya mtaa: nakala fupi inatosha. Mwenyekiti wa mtaa mara nyingi ndiye atakayekuandikia barua ya utambulisho ukihitaji.

Yakikwama

*Eneo limeshafagiliwa kabla sijapiga picha.* Sema hivyo kwenye taarifa, taja nani alifagia na saa ngapi. Tafuta picha na video za majirani, maana siku hizi kabla ya ndoo hutangulia simu. Waombe faili lenyewe, kwa kuwa likipita kwenye makundi ya ujumbe saa yake halisi hupotea.

*Sina risiti.* Tumia picha za zamani za ofisi, miamala ya simu ya siku uliyonunua, namba ya mashine iliyobandikwa nyuma yake, na nukuu za bei kutoka kwa wauzaji wawili wa kitu cha aina hiyo.

*Mtungi haukutoa kitu.* Usiufungue. Piga picha geji, pini na kadi, uuweke kando kwa ajili ya mkaguzi. Mara nyingi pini haikuvutwa kwa sababu ya taharuki, au unga umegandamana chini kwa kukaa bila kutikiswa wala kukaguliwa. Mambo hayo mawili yanaonekana ukiuchunguza, usihukumu mapema.

*Ripoti ya Zimamoto inatofautiana na ya kwangu.* Tofauti ya dakika mbili tatu ni ya kawaida, iache. Kama tofauti ni ya kitu, mfano wao wameandika dumu moja na wewe mawili, andika barua ya ufafanuzi yenye picha. Usibadilishe taarifa yako ya kwanza. Andika nyongeza yenye tarehe yake.

*Mhudumu amekataa kuandika, anaogopa kukatwa mshahara.* Andika kwamba ameombwa na hajaandika, basi. Mweleze kwamba madai yake ya WCF ya mkono ulioungua yanahitaji maelezo ya namna alivyoumia, na ni yeye anayeyajua.

*Bima wamekataa kulipa.* Omba sababu kwa maandishi, ikitaja kipengele cha mkataba. Kama wanasema petroli ilihifadhiwa kinyume na masharti, rudi kwenye hatua ya 5. Dumu lililokuwa mita 3 nje halikuwaka, moto ulianzia kwenye tanki, na picha zako zinaonyesha hivyo. Jibu kwa barua moja inayoambatisha picha hizo na ripoti ya Zimamoto. Usiporidhika na jibu lao, lalamiko hupelekwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiwa na nakala ya kila barua iliyopita kati yenu.